Sura ya Saba: Fyuzi Zinazoungua Usiku

Fundi wa zamu akikuta fyuzi ya kapasita imeungua, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta nyingine stoo. Ikiungua tena wiki hiyo hiyo, stoo inaanza kupungukiwa na mtu anapendekeza iwekwe kubwa zaidi. Ushauri huo una mvuto wake, kwa sababu mara nyingi fyuzi kubwa huacha kuungua. Miezi michache baadaye kapasita zinavimba vichwa, moja inapasuka, na kabati zima linanuka plastiki iliyoungua. Mkondo uliokuwa ukiunguza fyuzi haukwenda popote. Uliachiwa njia tu, ukaingia kwenye kifaa chenye bei kubwa zaidi.

Sura hii inaonyesha namna ya kusoma kuungua kwa fyuzi kabla ya kuibadilisha. Maswali ni matatu: inaungua wapi, inaungua saa ngapi, na ampea zinazopita ni ngapi. Majibu yake, yakiwekwa pamoja, hutenganisha wahusika watatu ambao kwa macho wanafanana, yaani volteji iliyozidi, harmoniki na uzee wa kapasita.

Kiwanda cha mfano

Tuchukue kiwanda cha mabomba ya plastiki cha aina inayopatikana kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Namba zake nimezipanga kwa hesabu ili msomaji aweze kuzifuata hatua kwa hatua, na kila moja iko ndani ya kiwango kinachokutwa viwandani. Kinapokea umeme wa kilovolti 11 kwa transfoma ya kVA 1000 inayoushusha hadi volti 400. Impedansi iliyoandikwa kwenye kibao cha transfoma ni asilimia 5. Mashine za kusukuma plastiki zinazungushwa na mota za DC zenye draivu za thairista. Kando yake kuna hita za kuyeyusha plastiki, kompresa, pampu na mitambo ya maji baridi.

Draivu za thairista na mota huvuta nguvu nyingi isiyofanya kazi, ile inayopimwa kwa kvar. Kwa kuwa TANESCO huwatoza wateja wakubwa kwa kVA ya juu kabisa waliyoifikia katika mwezi, kiwanda kiliweka benki ya kapasita yenye hatua kumi, kila hatua kvar 50. Kidhibiti kwenye mlango wa kabati huingiza na kutoa hatua kulingana na mzigo. Kila hatua ina kontakta yake, kapasita yake ya volti 400 na fyuzi tatu za ampea 100.

Kapasita ya kvar 50 kwenye volti 400 huvuta ampea 72. Aliyechagua fyuzi ya ampea 100 aliangalia namba hiyo, akaongeza kidogo, akaridhika. Kwa kapasita, kawaida ni kuchagua fyuzi yenye angalau mara 1.6 ya mkondo wake, kwa hiyo hapa ilipaswa kuwa ya ampea 125. Fyuzi hizi, basi, zilikuwa ndogo tangu mwanzo. Hata hivyo zilidumu miaka kadhaa, na jambo hilo peke yake linatuambia kwamba udogo wake hauelezi kwa nini sasa zinaungua mara kwa mara.

Wapi na saa ngapi

Kabla ya kushika kipimo chochote, daftari la zamu lina habari. Kwenye kiwanda chetu linaonyesha mambo mawili. La kwanza, fyuzi zinaungua kwenye hatua tofauti: leo hatua ya pili, keshokutwa ya tano, kisha ya saba. La pili, karibu zote zinaungua kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, baada ya hatua kuwa imeshawaka kwa muda mrefu.

Mambo haya mawili yanapunguza orodha ya washukiwa. Kapasita ikiwa imepata shoti ndani, fyuzi mpya hufa papo hapo kontakta inapofunga, na hufa kwenye hatua ile ile kila mara. Mara nyingi fyuzi mbili hufa pamoja, kwa kuwa shoti imeunganisha fezi mbili. Fyuzi zikiungua wakati wa kuwasha tu, ilhali kapasita ni nzima, mshukiwa ni kontakta. Kontakta za kapasita huwa na nyaya za ukinzani zinazopokea mkondo wa mwanzo kabla ya viunganishi vikuu kufunga, na nyaya hizo zikikatika, kila kuwasha ni pigo kwa fyuzi.

Lakini fyuzi zinazoungua huku na kule, baada ya saa nyingi za kazi, hazielekezi kidole kwenye hatua moja. Kuna kitu kinachopita kwenye benki nzima, nacho huzidi usiku.

Volteji ya usiku

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Saa nane mchana, volteji kati ya fezi ni 404. Saa nane usiku ni 424. Mzigo wa mtaa na wa kiwanda chenyewe umepungua, volteji inayopotea njiani imepungua pia, na transfoma bado iko kwenye tepu iliyochaguliwa kufidia mchana. Volti 424 ni asilimia 6 juu ya 400, kwa hiyo kampuni ya umeme haijavunja chochote. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 10 juu au chini.

Kwa kapasita, asilimia 6 ina uzito wake. Mkondo wake wa msingi hupanda kwa asilimia 6 hiyo hiyo, kutoka ampea 72 hadi 76.5. Nguvu yake hupanda kwa mraba wa volteji, hivyo kvar 50 zinakuwa kama 56. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60831 kinairuhusu kapasita kubeba volteji iliyozidi kwa asilimia 10 kwa saa nane katika kila saa ishirini na nne, na mkondo hadi mara 1.3 ya ule wa kawaida, harmoniki zikiwemo. Kwa volteji peke yake kapasita zetu ziko ndani ya mipaka, na ampea 76.5 haziwezi kuunguza fyuzi ya 100.

Lakini kipimo cha klampu kikibanwa kwenye waya wa hatua moja usiku huo huo kinasoma ampea 98. Kuna pengo kubwa kati ya 76.5 na 98, na ndani ya pengo hilo ndimo lilimo jibu. Hapa klampu iwe ya aina inayopima thamani halisi ya wimbi, ile iliyoandikwa True RMS. Klampu ya bei rahisi hukisia kwamba wimbi ni laini, na kwenye mkondo uliochafuka husoma chini, ikamfanya fundi aamini kuwa hakuna tatizo.

Harmoniki zinavyokuzwa

Umeme wa gridi yetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Draivu ya thairista haivuti mkondo kwa ulaini huo, huukata vipande. Mkondo uliokatwa hivyo unaweza kuhesabiwa kama jumla ya mawimbi laini mengi: lile la msingi la Hz 50, pamoja na mengine yenye kasi iliyozidishwa. Draivu za fezi tatu zenye thairista sita hutoa hasa wimbi la tano (Hz 250), la saba (Hz 350), la kumi na moja na la kumi na tatu.

Kapasita hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi kadiri kasi inavyoongezeka. Kwa wimbi la saba, volteji ya asilimia moja tu huingiza mkondo wa asilimia saba. Kwa sababu hiyo benki ya kapasita huwa ya kwanza kuumia ilhali mota zilizo jirani zinazunguka kama kawaida.

Hata hivyo draivu peke yake hazitoshi kutuletea ampea 98. Transfoma ni koili, na koili ikikutana na kapasita hupatikana jozi yenye kasi yake ya asili. Mtoto akiwa kwenye bembea, msukumo mdogo unaotolewa kwa wakati wake hasa humpeleka juu sana. Msukumo ule ule ukitolewa ovyo haumfikishi popote. Jozi ya transfoma na kapasita hufanya vivyo hivyo. Kasi yake ya asili ikiangukia kwenye wimbi ambalo draivu zinalitoa, wimbi hilo hukuzwa mara nyingi. Hali hiyo huitwa resonansi, na mahali pake hukadiriwa kwa hesabu fupi:

```
h = √(Ssc ÷ Qc)
```

Ssc ni uwezo wa shoti wa transfoma, yaani ukubwa wake ukigawanywa kwa impedansi: 1000 kwa 0.05, sawa na kVA 20,000. Qc ni jumla ya kvar zilizowaka. Jibu, h, ni namba ya wimbi litakalokuzwa.

Mchana, hatua zote kumi zikiwa ndani, Qc ni 500. Ishirini elfu kwa mia tano ni 40, na kipeuo chake ni 6.3. Hapo si mbali sana na saba, lakini si penyewe. Usiku baadhi ya mashine huzimwa, kidhibiti hutoa hatua mbili, na Qc inakuwa 400. Sasa tunagawanya tunapata 50, na kipeuo chake ni 7.07. Benki imetua juu ya wimbi la saba.

Kuna jambo jingine linaloongeza ukali wa usiku. Mchana hita nyingi za plastiki zimewaka, na mzigo wa ukinzani kama huo hupunguza ukuzaji, kwa kuwa hunyonya nguvu ya wimbi. Usiku hita zimepungua. Wimbi la saba ambalo bila kapasita lingekuwa na volteji ya kama asilimia 1.3 sasa linasomeka asilimia 12.

Tuhesabu. Asilimia 12 mara saba ni asilimia 84 ya ampea 72, karibu ampea 61. Wimbi la tano lina asilimia 3, linaleta ampea 11. Mikondo ya kasi tofauti haijumlishwi moja kwa moja. Kila mmoja unazidishwa kwa wenyewe, majibu yanajumlishwa, kisha kipeuo kinatafutwa. Kwa 76.5, 61 na 11 tunapata 98, sawasawa na klampu. Pengo limejazwa, na sasa tunajua limejazwa na nini: karibu lote ni wimbi la saba.

Ampea 98 ni mara 1.36 ya mkondo wa kapasita, juu ya mpaka wa 1.3. Mchana, kwa hesabu ile ile, volti 404 pamoja na wimbi la saba la asilimia 7 na la tano la asilimia 5 huleta ampea 83, ambazo ni mara 1.15 tu. Fyuzi ya ampea 100 ndani ya kabati la joto la Dar es Salaam, likiwa na nyuzi 50 au zaidi, haiwezi kubeba ampea 98 usiku kucha. Inachoka, na siku moja inakatika. Fyuzi ya 125 au 160 ingevumilia. Kapasita ndiyo isingevumilia.

Hesabu ya resonansi ni kadirio, kwa sababu nyaya na gridi iliyo nyuma ya transfoma huongeza ukoili wao na kusogeza jibu kidogo. Uthibitisho hupatikana kwa jaribio. Usiku, kidhibiti kikiwa kwenye hali ya mkono, hatua zinaingizwa moja baada ya nyingine huku kipimo cha ubora wa umeme kikionyesha volteji ya wimbi la saba. Ikiwa tano zimeingia hali ni tulivu. Sita, saba, namba inapanda. Nane, inaruka. Tisa, inaanza kushuka. Mlima huo wenye kilele ni alama ya resonansi. Volteji ya gridi ikiwa ndiyo kosa pekee, ampea za kila hatua zingebaki karibu zile zile, hatua ziwe mbili au nane.

Uzee unasomwaje

Baada ya kumpata mhusika mkuu, bado kuna kazi ya kujua benki imeumia kiasi gani. Hapa wengi hukosea mwelekeo, wakidhani kapasita iliyozeeka huvuta ampea nyingi. Kapasita za kisasa za viwandani zina utando mwembamba wa polipropilini uliopakwa metali. Cheche ikitoboa utando, metali inayozunguka tundu huyeyuka na kuruka, na tundu linajitenga. Kapasita imejiponya, lakini imepoteza kieneo kidogo cha metali. Matundu maelfu yakijiponya, uwezo wake umepungua, na ampea zake hupungua nao. Kwa hiyo usomaji wa klampu ulio chini ya kawaida ndio dalili ya uzee. Ulio juu ni dalili ya volteji au harmoniki.

Kapasita yetu ya kvar 50 ina matawi matatu yaliyounganishwa kwa delta, kila moja mikrofaradi 332. Ukipima kati ya vituo viwili huku cha tatu kikiwa huru, unasoma tawi moja pamoja na mengine mawili yaliyofuatana, hivyo kapasita nzima huonyesha kama 497 katika jozi zote tatu. Hatua ya tatu inasoma 495, 490 na 493: nzima. Hatua ya sita inasoma 410, 405 na 412: imepoteza zaidi ya asilimia 17, imezeeka sawasawa pande zote. Hatua ya nane inasoma 166, 332 na 332: tawi moja limekatika kabisa. Hata kabla ya kufungua waya, klampu ingetuambia, kwa kuwa katika umeme safi kapasita kama hiyo huvuta ampea 42 kwenye fezi mbili na 72 kwenye ya tatu.

Uzee huu umeletwa na joto na volteji, na resonansi imeongeza vyote viwili. Kapasita iliyochoka hupata joto zaidi, huipasha moto jirani yake pamoja na fyuzi, na mwishoni kujiponya kunashindikana. Gesi hujaa ndani, kichwa huvimba, na katika kapasita za mkebe uvimbe huo hukata kiungo cha ndani ili mkebe usipasuke. Kichwa kilichovimba kina maana kwamba kapasita hiyo imekwisha, hata kama bado inasoma kitu.

Vipimo hivi hufanywa umeme ukiwa umezimwa na kufungiwa kwa kufuli. Vikinzani vya kutoa chaji vinapaswa kushusha volteji hadi 75 ndani ya dakika tatu, lakini kikinzani kilichokatika hakitoi taarifa. Fundi husubiri dakika tano, hupima kati ya vituo vyote, kisha huunganisha vituo kwa waya wa ardhi kabla ya kugusa. Na fyuzi haichomolewi kamwe hatua ikiwa imewaka, maana tao la umeme linalotokea humuunguza aliyeshika.

Matengenezo, kwa mpangilio wake

Usiku huo huo, bila kununua kitu, kidhibiti kinawekewa kikomo cha hatua tano. Kvar 250 huipeleka resonansi hadi 8.9, kati ya saba na kumi na moja, mahali ambapo draivu hazitoi wimbi lolote kubwa. Kuacha hatua nne kungeonekana salama zaidi kwa kuwa ni chache, lakini kungeifikisha kumi, jirani ya kumi na moja. Bili ya kVA itapanda kwa muda, na hiyo ni nafuu kuliko kununua benki mpya. Transfoma ikizimwa kwa matengenezo, tepu inaweza kushushwa asilimia 2.5 ili volteji ya usiku iwe kama 413, mradi mchana isishuke mno. Kwetu itakuwa 394, nayo inatosha.

Dawa ya kudumu ni kufunga koili mbele ya kila kapasita. Koili ya asilimia 7 huipa kila hatua kasi ya asili ya Hz 189, chini ya wimbi la tano. Kuanzia wimbi la tano kwenda juu hatua yote hufanya kazi kama koili, na koili mbili, yake na ya transfoma, haziwezi kuresonanisha. Haijalishi tena kidhibiti kimeingiza hatua ngapi.

Lakini koili hupandisha volteji kwenye kapasita. Gawanya 424 kwa 0.93, unapata volti 456, kwa hiyo kapasita za volti 400 hazifai tena. Tunachukua za volti 525. Kwa kuwa zinafanya kazi chini ya volteji yake, hutoa pungufu ya kilichoandikwa: kupata kvar 50 kwenye mtandao wetu inabidi kununua zenye kibao cha kvar 80. Asiyejua hesabu hii hununua za kvar 50 za volti 525, kisha hushangaa bili haishuki. Fyuzi sasa ziwe za ampea 125, na kabati lipate feni zaidi, maana koili nazo hutoa joto.

Kosa la kuepuka ni kuifanya kazi nusu, hatua tano zikiwa na koili na tano bila. Zile zisizo na koili hubaki na resonansi yake na transfoma, nayo huangukia mahali papya pasipotabirika. Benki yote ibadilishwe pamoja, au zisizo na koili zizimwe mpaka zamu yake ifike.

Kazi ikikamilika, kila hatua inapimwa tena saa nane usiku kwa volti 424, na mara hii tunajua mapema tunachotarajia: ampea 77 badala ya 98, zikiwa karibu sawa kwenye fezi zote tatu. Namba hizo ziandikwe ndani ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe na mikrofaradi za kila jozi. Hatua itakayosoma 70 mwaka ujao kwa volteji ile ile itakuwa inazeeka, na ikipangiwa kapasita mpya mapema haitafikia kuunguza fyuzi. Itakayosoma 90 itakuwa inasema kwamba kuna draivu mpya, koili iliyoharibika au volteji iliyopanda, na fundi atajua aanzie wapi kutafuta.